Kwa nini wanapita mbele ya farmasi yetu?

Mwezi mmoja kabla ya mvua kuanza, kamati ya chama kimoja cha wakulima hapa Kabalo ilituita. Chama kina farmasi ndogo ya mifugo: dawa za minyoo za mbuzi, sindano, dawa ya vidonda, chanjo ya kuku wakati barafu inapatikana, na pembeni mbegu kidogo. Mlango wake uko kwenye njia ambayo watu wanapita kila siku kwenda soko. Wanapita kweli. Ila hawaingii. Wanaenda kununua kwa mfanyabiashara mwingine karibu na gare, na wengine ni wanamemba wenyewe wa chama, wenye karte na hisa zao.

Kwenye kabati tulikuta chupa zinazokaribia kuisha muda. Mwenyekiti alikuwa tayari na jibu: "Ni bei. Batu banakimbia juu ya bei." Kamati ilitaka kuchukua feza za hisa, zile zilizowekwa kwa kununua mbegu za karanga, zisaidie kushusha bei ya dawa. Tuliwaomba wasubiri wiki tatu, kwanza tuulize watu.

Tuseme wazi: chama hiki tumekiunganisha kutokana na mambo tuliyoyaona katika vyama kadhaa, na namba tunazotoa ni za mfano, ili hesabu iwe nyepesi kufuata. Makosa lakini ni ya kweli, na mengine ni ya kwetu sisi wagronome.

Karatasi ya kwanza

Kamati iliandika maswali yake jioni moja, ikayapiga kwa mkono kwenye karatasi ya shule. Swali la kwanza lilikuwa hivi: "Kwa kuwa farmasi ya chama ni yenu wenyewe, je, mnafurahi na kazi yake?" La pili: "Je, bei yetu ingeshuka, mungenunua zaidi?" La tatu: "Munajua kwamba dawa za pale gare pengine ni za uongo; kwa nini basi munaenda kule?"

Waliweka karatasi kwenye meza ya farmasi, na musimamizi akawa anauliza kila mtu aliyeingia. Tuliona na tukanyamaza, hilo ni kosa letu. Baada ya siku kumi walikuwa na watu 30. Kati ya hao, 28 walisema wanafurahi, na 25 walisema bei ishuke. Kamati ilishangilia: watu wanatupenda, shida ni bei tu, kama vile tulivyosema.

Sasa angalia ni nani aliyejibu. Ni watu 30 walioingia katika farmasi ya chama. Wale wanaopita mbele ya mlango, ambao ndio tuliotaka kuwajua, hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa, kwa sababu hawakuingia. Ni kama kutafuta sababu ya samaki kutoingia kwenye mugono kwa kuwauliza samaki walio ndani ya mugono.

Na angalia walichoulizwa. Kwa swali la pili, ni nani duniani atakataa bei ishuke? Jibu la "ndiyo" halitufundishi kitu, kwani mtu anayenunua kila wiki na mtu ambaye hatanunua hata siku moja wanatoa jibu lile lile. Swali la kwanza linaanza kwa kumkumbusha mtu kwamba farmasi ni yake. Kusema "sifurahi" ni kama kujitukana, tena mbele ya musimamizi mwenyewe, ambaye pengine ni shemeji au jirani. Mtu wa kwetu ana haya. La tatu ndilo baya zaidi: linamtia mtu hatia kabla hajafungua kinywa. Aliyenunua pale gare jana atasema hajawahi kufika.

Swali la kusukuma linatambulikana namna hii: soma swali, halafu jiulize kama mtu mgeni angeweza kujua jibu lipi linamfurahisha mwulizaji. Kama angejua, swali linasukuma. Jaribu hata kwa swali fupi. "Huduma yetu ni nzuri, si vile?" linasukuma kwa maneno mawili ya mwisho. "Bei na huduma yetu ni nzuri?" lina kosa la namna nyingine: ni maswali mawili ndani ya moja, na aliyependa huduma na kuchukia bei hana jibu la kutoa.

Magazeti makubwa nayo yameanguka

Wanakamati walituuliza: tukiuliza watu wengi zaidi pale mezani, watu 300 kwa mfano, hatutapata ukweli? Hapana. Mwaka 1936 gazeti moja la Amerika, Literary Digest, lilitaka kujua nani atashinda uchaguzi wa prezida. Lilituma karatasi zaidi ya milioni 10, na zaidi ya milioni 2 zikarudi. Zilionyesha kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt kwa urahisi. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Gazeti lilikuwa limechukua majina kwenye vitabu vya telefone, kwenye orodha za wenye magari na kwenye orodha nyingine za namna hiyo. Wakati ule wa shida, mwenye telefone hakuwa mtu wa kawaida. Tena waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na wale walioitupa. George Gallup aliuliza watu wachache sana kuliko hao, akijaribu kupata matajiri na maskini, wa mijini na wa vijijini, akamtaja mshindi wa kweli.

Kwa hiyo watu 300 wa mezani wangetupa uongo ule ule, ila wenye sauti kubwa zaidi. Watu 60 waliochaguliwa vizuri wanatosha kuanza kazi.

Namna ya kuchagua nyumba

Hatukuhitaji wanunuzi wa chama, wala wanunuzi wa gare. Tulihitaji nyumba zenye mbuzi, kuku au nguruwe, popote zinaponunua, pamoja na zile zisizonunua kabisa. Kusimama mbele ya butike ya gare na kuwasimamisha watu wanapotoka kusingefaa pia: hapo unapata wanunuzi wake tu, na mwenye butike anakasirika kwa haki.

Tulikwenda kwa mashefu wa kartie. Kila shefu wa avenyu anajua nyumba zake. Wengine wana daftari, wengine wanahesabu kwa vidole lakini hawakosei sana. Tuliandika avenyu zote ambako wanamemba wa chama wanakaa, na tukaongeza kijiji kimoja cha ng'ambo ya Lualaba, kwa sababu watu wake wanavuka kwa mtumbwi siku ya soko. Katibu alitaka kukiacha, "ni mbali". Hapo ndipo sampuli inapoanza kuelemea upande mmoja: walio mbali ndio wenye sababu zao za kununua pengine, na ndio tunaowaacha kwanza.

Jumla ilikuwa nyumba 420. Tulitaka 60. Gawanya 420 kwa 60, unapata 7: tunaingia kila nyumba ya saba. Ya kuanzia hatukuichagua sisi. Tuliandika 1 mpaka 7 kwenye vikaratasi, mtoto akavuta kimoja kutoka kwenye kofia, ikatoka 4. Basi nyumba ya 4, ya 11, ya 18, ya 25, tukafuata hivyo avenyu kwa avenyu mpaka ya 417. Kila nyumba ilikuwa na nafasi sawa ya kuingia, ya mwenye mabati na ya mwenye nyasi, ya rafiki wa mwenyekiti na ya yule aliyegombana naye.

Wengine wenu mumetembea na timu za kuchunguza chanjo za watoto, na munajua njia ya kusimama katikati ya kijiji, kuzungusha biki au chupa chini, na kufuata upande inapoelekea. Ni njia nyepesi pale ambapo hakuna orodha kabisa. Ubaya wake ni kwamba nyumba za katikati zinapata nafasi kubwa kuliko za pembeni, na katikati ya mji wetu ndiko maduka yaliko. Ukiwa na shefu anayeweza kuhesabu nyumba, hesabu nyumba.

Shida kubwa ilikuja siku ya pili. Vijana waliokuwa wanauliza walirudi saa sita mchana na karatasi 14 zimejaa. Tulifurahi, halafu tukaangalia: karibu wote waliojibu walikuwa wazee, wagonjwa, na wenye butike. Kumbe walikuta nyumba imefungwa, wakaingia ya jirani. Lakini asubuhi nyumba iliyofungwa ni nyumba ya mkulima! Yuko shambani, na ndiye mwenye mbuzi. Tulitupa zile karatasi za majirani, ikauma. Sheria mpya ikawa: nyumba iliyochaguliwa haibadilishwi, unarudi jioni, unarudi siku nyingine, na ukikosa mara tatu unaandika "hawakupatikana". Ukifanya kazi hii katikati ya msimu wa kulima, jamaa nzima iko kwenye kambi ya shamba, na hata mara tatu hazitoshi. Ndiyo maana tuliharakisha kabla ya mvua.

Nani ashike karatasi

Si musimamizi wa farmasi. Si mwanakamati. Na si sisi. Tulijaribu nyumba tatu za kwanza wenyewe, tumevaa gileti zenye alama ya shirika, moto imesimama uani. Mama wa kwanza alituambia hajawahi kununua dawa maishani mwake kwa kukosa feza, na nyuma yake tuliona chupa mbili za dawa ya minyoo juu ya ukuta. Hakuwa mwongo. Mtu mwenye gileti anakuja kuandika majina ya msaada, hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mara, na yeye alijibu swali alilofikiri tumeuliza.

Tulipata vijana wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili, kutoka chama cha kartie nyingine, wasio na ndugu kwenye kamati. Walikwenda kwa miguu, bila gileti. Walianza kwa maneno haya, kila nyumba sawasawa: "Tunataka kujua namna watu wa hapa wanavyopata dawa za mifugo. Hatuandiki jina. Hakuna kitu kitakachogawanywa. Kila jibu ni sawa kwetu." Jina la farmasi ya chama halikutajwa mwanzoni. Ukilitaja, mtu anajua upande wako.

Wawili walisema Kiluba vizuri. Tulikaa nao nusu siku kupatanisha maneno, kwa sababu kila mmoja akitafsiri njiani kivyake, unakuwa na anketi nne tofauti. Halafu tulijaribu maswali kwa watu sita ambao hawakuwa kwenye orodha. Hapo tulijifunza kwamba "dawa ya mnyama" kwa wengine ni sindano tu. Vidonge na unga hawakuvihesabu. Tukabadilisha: "dawa yoyote, ya kidonge, ya unga, ya sindano au ya majani."

Uliza alichofanya, usiulize anachofikiri

Karatasi mpya ilikuwa na maswali sita tu. Ya kwanza tuliuliza kama nyumba ina mifugo. Isiyo nayo tulishukuru na kuondoka. Kisha:

"Tangu mavuno ya karanga, ni lini mara ya mwisho mulipata dawa ya mnyama?" Mavuno ya karanga kila mtu anayakumbuka, "miezi sita iliyopita" hakuna anayeikumbuka.

"Mulipata wapi?" Kijana hasomi orodha ya mahali, anangoja jibu.

"Mulinunua nini, kiasi gani, kwa wanyama wangapi, na mulilipa ngapi?"

"Tueleze siku ile ilikuwaje, tangu mnyama alipougua mpaka mukapata dawa." Hapa kijana anaandika maneno ya mtu vile vile yanavyotoka kinywani.

La sita tutalieleza chini.

Labda utauliza: kwa nini hamkuuliza tu "kwa nini unanunua pale gare"? Kwa sababu ukiuliza hivyo, watu wanasema "bei". Neno hilo liko karibu na mdomo, halimuudhi mtu, na linamaliza mazungumzo. Sababu ya kweli iko ndani ya habari ya siku ile. Bwana mmoja alianza kwa kusema "bei", ndiyo. Halafu akaeleza siku yake: mbuzi mmoja alikuwa anakohoa, yeye alikuwa na franga 2,000 mfukoni. Kwenye farmasi ya chama alionyeshwa chupa nzima. "Niko na mbuzi tatu tu," alisema. "Chupa muzima ni ya kufanya nini? Kule banauzishaka kidogo kidogo, banakuvutia mu sindano."

Tufanye hesabu yake kwa namba za mviringo. Tuseme chupa ya oksitetrasiklini ya mililita 100 inauzwa franga 20,000 kwenye chama. Ni franga 200 kwa mililita. Dawa hiyo ikiwa ya asilimia 10, kipimo cha kawaida ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za mnyama, basi mbuzi wa kilo 25 anahitaji mililita 2 na nusu, yaani franga 500. Pale gare alilipa franga 1,500 kwa sindano moja. Dawa ya chama ilikuwa rahisi mara tatu! Na bado yule bwana hakudanganya aliposema "bei". Bei kwake ni feza anayopaswa kutoa siku ile, na hakuwa na 20,000. Kamati ingeshusha chupa mpaka 16,000, ingemaliza feza za mbegu, na mwenye 2,000 angeendelea kwenda gare.

Kwa mnyama lakini ile sindano ya gare si salama. Muuzaji havuti kwa kipimo cha uzito, anavuta kwa kipimo cha feza. Chupa inafunguliwa na kuchomwa siku nzima juani. Na mwenye mbuzi anabeba sindano nyumbani bila kuambiwa kwamba kazi haijaisha kwa mara moja. Hilo hatukuliweka kwenye swali lolote. Ungelitaja mapema, majibu yote yaliyofuata yangebadilika rangi. Mafundisho yana siku yake, anketi ina siku yake.

Sababu ambayo hakuna aliyeitaja

Swali la sita tuliliweka mwisho, baada ya mtu kuzoea: "Watu wengine wa hapa wana mifugo lakini hawafiki kabisa kwenye farmasi ya chama. Kwa mawazo yako, ni nini kinawazuia?" Ni mara ya kwanza chama kinatajwa. Mtu haongei habari zake, anaongea habari za "wengine", na haya inapungua.

Hapo ndipo deni lilipotoka. "Kuko benye deni pale," mama mmoja alisema. "Banaogopa kupita, banaita jina lao mbele ya batu." Musimamizi alikuwa ametundika ukutani orodha ya wenye madeni, kwa nia nzuri, ili feza irudi. Aliyechukua vidonge vya franga 3,000 kwa mkopo wakati wa njaa aliona jina lake ukutani, na tangu siku ile ananunua pale gare kwa feza taslimu. Chama kilipoteza mnunuzi mzima kwa kutafuta franga 3,000. Kwa meza ya farmasi, chini ya orodha ile ile, jibu hili lisingetoka hata kwa watu 1,000.

Jibu la namna hii lina mpaka wake. Mtu akisema habari za "wengine", hujui kama anasema zake, za jirani, au maneno ya sokoni. Hatuhesabu basi wadaiwa kwa swali hili. Linatuonyesha tu fasi ya kuangalia, na tukaenda kuangalia daftari la mikopo: majina mengi yaliyokuwa ukutani hayakuwa yamenunua tena tangu orodha itundikwe. Hapo maneno na daftari vilikutana.

Kuhesabu bila kujidanganya

Kati ya nyumba 60, nyumba 9 hazikuwa na mifugo, na 3 hazikupatikana. Zilibaki 48. Mara ya mwisho, 13 zilikuwa zimenunua kwa chama, 20 pale gare, na 15 hazikununua popote: zilitumia majani, au ziliacha mnyama apone au afe. Hao 15 hakuna mtu kwenye kamati aliyewahi kuwawaza. Mshindani wa chama hakuwa mfanyabiashara wa gare peke yake.

Katika wale 20 wa gare, 14 walitaja bei. Tulipoangalia kiasi walichonunua, 11 kati ya hao 14 walikuwa wamenunua dawa ya mnyama mmoja au wawili. Wengine walieleza kwamba gare inafungua alfajiri kabla ya kwenda shamba, na wachache kwamba muuzaji aliwauliza habari za mnyama kabla ya kuwapa dawa.

Je, watu 48 wanaweza kusema kwa niaba ya nyumba 420? Kwa kadiri. Kuna njia rahisi ya kujua ukubwa wa kosa: tafuta namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unakaribia idadi ya waliojibu. 7 mara 7 ni 49. Gawanya 100 kwa 7, unapata kama 14. Yaani, kwa kila 100, jibu linaweza kwenda juu au chini kama 14. Wanunuzi wa chama ni 13 kati ya 48, sawa na 27 kwa 100. Ukweli unaweza kuwa 13, unaweza kuwa 41. Hatuwezi basi kusema kwamba wanaokwenda gare ni wengi kuliko wasionunua, 20 na 15 ziko karibu mno. Tunaweza kusema kwamba nyumba nyingi zenye mifugo hazinunui kwa chama, maana hata 41 haifiki nusu. Ukitaka kupunguza kosa kuwa nusu, itabidi uulize watu mara nne zaidi, na kwa uamuzi huu haikuwa lazima.

Njia hiyo inapima kosa la bahati tu. Haipimi kosa la swali baya wala la karatasi iliyojazwa chini ya mwembe. Kwa hilo tulirudi wenyewe, bila karatasi, kwenye nyumba tano za kila kijana, kuuliza tu kama walitembelewa na walizungumza nini. Kijana mmoja alikuwa ameandika "bei nzuri" kwenye karatasi tisa, kwa maneno yale yale. Watu tisa hawasemi sawasawa hata wakizungumzia mvua. Alikuwa amewatembelea kweli, ila alichoka kuandika habari ndefu, akafupisha. Alirudi kwao tisa wote.

Kamati ilisoma majibu kwa sauti, siku nzima, kabla ya kuangalia namba. Musimamizi aliondoa orodha ukutani jioni ile ile, na wadaiwa waliambiwa mmoja mmoja, nyumbani, kwamba wanaweza kulipa kidogo kidogo. Feza za mbegu hazikuguswa. Siku ya soko, muganga wa mifugo anakaa farmasini kuanzia alfajiri. Mbuzi analetwa, anapimwa kwa kamba kifuani, na mwenye mbuzi analipa mililita zake tu, sindano inapigwa pale pale. Vidonge vya albendazole vya miligramu 300, kimoja kwa mbuzi wa kama kilo 30, vinauzwa kimoja kimoja. Kwa chanjo ya kuku chupa bado ni shida, kwa sababu ni ya kuku wengi na ikishachanganywa haikai. Avenyu zinaandikisha kuku wao kwanza, chupa inafunguliwa wakifika wa kutosha.

Baada ya mavuno yajayo ya karanga vijana wanne watarudi na maswali yale yale sita, bila kubadilisha hata neno. Mtoto atavuta tena namba kwenye kofia, ili nyumba ziwe nyingine.